Bima ya matibabu: Kwa nini barua haisemi 'tutalipa'

Mtu akilazwa hospitalini, jambo la kwanza ambalo jamaa zake huuliza ni hali yake. La pili, ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini mbele ya dirisha la kulipia, ni nani atakayegharimia. Wale walio na bima ya matibabu huishika simu mara moja na kupigia kampuni yao, wakitumaini kuambiwa neno moja tu la kuwatuliza. Badala yake wengi hupata barua fupi inayosema kuwa dai limepokelewa, kwamba linachunguzwa, na kwamba barua yenyewe haimaanishi kuwa kampuni imekubali kulipa.

Barua kama hiyo huwaudhi watu. Mtu amelipa mchango wake kila mwezi bila kukosa, mgonjwa yuko kitandani, na kampuni inajibu kama wakili aliye mahakamani. Wengine huamini kwamba karani aliyeiandika hana utu au amekwisha kuamua kulikataa dai.

Ukweli ni kwamba karani huyo hakuyatunga maneno hayo. Kampuni za bima huwa na afisa ambaye kazi yake ni kuhakikisha kuwa wafanyakazi wanafuata sheria na kanuni. Afisa huyo huwaandikia watu wa idara ya madai waraka wa ndani unaowaeleza maneno ya kutumia na maneno ya kuepuka wanapojibu barua au simu. Agizo kuu la waraka huo huwa hili: usiahidi malipo kabla uchunguzi haujaisha. Mwenye bima hauoni waraka huu hata siku moja, ingawa ndio unaoamua atakachosikia usiku ambao mumewe au mtoto wake amelazwa. Ndiyo sababu tumeona vyema kuueleza hapa, pamoja na mahali ambapo hutumiwa vibaya.

Neno la simuni linavyofunga

Chanzo cha waraka huu ni sheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, ina kifungu cha 120 ambacho kila wakili anakijua. Kwa maneno ya kawaida, kifungu hicho kinasema kwamba ukimfanya mwenzako aamini kuwa jambo fulani ni kweli, naye akatenda kwa kutegemea imani hiyo, huwezi kugeuka baadaye mahakamani na kukana jambo lile lile. Kauli yako inakufunga. Wala si lazima iwe imeandikwa na kupigwa muhuri. Neno lililosemwa kwa simu linaweza kutosha, na siku hizi kampuni nyingi hurekodi simu zao wenyewe.

Zingatia kwamba kuna mambo matatu hapo: kauli, imani na kitendo. Karani akisema "hiyo tutalipa" na mwenye bima asifanye lolote kwa sababu ya kauli hiyo, kesi yake ni dhaifu. Lakini katika ugonjwa watu hutenda haraka sana. Mgonjwa huhamishwa kutoka chumba cha watu sita hadi chumba cha peke yake. Upasuaji ambao ungefanywa katika hospitali ya umma hufanywa katika hospitali ya kibinafsi. Jamaa waliokuwa tayari kuchanga huambiwa wangoje, bima imekubali. Haya yote ni matendo yaliyozaliwa na neno moja la karani, na yana bei.

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini hauna jambo lisilotokea katika idara za madai.

Bwana mmoja wa Nairobi mwenye umri wa miaka 46 alinunua bima ya familia mwezi wa Januari. Katika fomu ya kuombea bima palikuwa na swali kama amewahi kuugua au kutibiwa shinikizo la damu, na jibu lililowekwa alama ni "hapana". Hati yake ya bima inasema kuwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima kuanza hautagharimiwa mpaka mwaka mmoja upite, na kwamba mtu akificha ugonjwa, kampuni inaweza kuukataa mkataba. Mwezi wa Mei, Jumamosi usiku, anashikwa na maumivu ya kifua na kukimbizwa katika hospitali ya kibinafsi. Vipimo vinaonyesha kuwa sehemu ya moyo imekosa damu. Anapewa dawa, maumivu yanatulia, na daktari anapanga kumchunguza mishipa ya moyo kwa mrija siku ya Jumanne. Huenda pia mshipa ukahitaji kupanuliwa. Hospitali inakadiria gharama yote kuwa Sh620,000.

Jumapili asubuhi mkewe anaipigia kampuni ya bima. Karani aliye zamu ni kijana mwema na anasikia jinsi mama huyu anavyotetemeka. Anatazama tarakilishi na kuona kuwa mchango umelipwa hadi mwisho wa mwezi na kuwa kiwango cha kulazwa ni Sh1,000,000. Basi anamwambia: "Usiwe na wasiwasi, mama. Bima yenu iko sawa, hiyo tutalipa."

Mama huyo anashukuru. Shemeji yake alikuwa ameshauri wamhamishie mgonjwa katika hospitali ya umma, ambako matibabu hayo hayo yangewagharimu kidogo zaidi. Anamjibu kwamba hakuna haja tena.

Jumatatu hospitali inaituma kampuni fomu ya kuomba idhini ya malipo pamoja na maelezo ya daktari. Katika mstari wa tatu pameandikwa kwamba mgonjwa "ana shinikizo la damu kwa miaka minne". Daktari wa kampuni anaisoma fomu hiyo, anaitoa ile ya Januari, na kuona kuwa majibu hayapatani. Dai linasimamishwa ili lichunguzwe.

Hapo ndipo maneno ya karani yanapokuwa mzigo kwa pande zote. Kampuni ikikataa kulipa, mama anayo kauli iliyorekodiwa na gharama aliyojitwika kwa kuitegemea. Ikilipa kwa ajili ya kauli hiyo tu, karani mmoja amegawa fedha ambazo hati ya bima huenda haikuziruhusu. Na endapo mvutano utaendelea, mgonjwa ndiye atakayezuiliwa kwenda nyumbani kwa sababu ya deni la hospitali. Yule karani alisema jambo moja la kweli, yaani kwamba bima ilikuwa hai. Kosa lake lilikuwa kuunganisha jambo hilo na jingine ambalo hakuwa na njia ya kulijua, yaani kwamba ugonjwa huu unagharimiwa.

Wanavyofundishwa kusema

Waraka uliotungwa vizuri humfundisha karani kutenganisha mambo hayo. Kwanza, dai limepokelewa? Hilo anaweza kulithibitisha papo hapo. Pili, bima iko hai siku ya kulazwa? Hilo pia lipo mbele yake, na anaweza kulisema, mradi aongeze kwamba kuwa hai si sawa na kugharimia kila ugonjwa. Tatu, je, ugonjwa huu unagharimiwa? Hilo si lake, na hapo ndipo anapotakiwa kutaja kinachongojewa, nani anayekingoja, na jibu litatoka lini.

Katika mfano wetu, jibu la Jumapili lingekuwa namna hii: "Pole sana, mama. Tumepokea taarifa yako leo saa nne asubuhi. Bima ya mzee iko hai na kiwango cha kulazwa ni shilingi milioni moja. Bado hatujaamua kama matibabu haya yanagharimiwa, kwa sababu hatujapata maelezo ya daktari. Hospitali ikituletea fomu kesho asubuhi, daktari wetu ataisoma na utapigiwa simu kabla ya saa kumi jioni. Kwa sasa usipange gharama ukidhani kwamba tumekwisha kukubali."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kutamka, na makarani wengi huiruka kwa huruma. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo yenye huruma hasa. Inamwachia mama siku mbili, Jumapili na Jumatatu, za kumwuliza daktari kama ni salama kumhamisha mgonjwa, za kuulizia nafasi katika hospitali ya umma, na za kumwambia shemeji asiache kuchangisha. Ahadi ya uongo ilikuwa imemnyang'anya siku hizo.

Waraka huorodhesha pia maneno ya kuepuka. "Imeidhinishwa" hairuhusiwi mpaka mwenye mamlaka ya kuidhinisha atie sahihi. "Usijali" limepigwa marufuku, kwa sababu kwenye simu ya bima lina maana moja tu kwa anayelisikia. "Tutashughulikia bili" ni baya zaidi, maana karani hulisema akimaanisha kuisoma bili, naye msikilizaji husikia kuilipa. "Hii kwa kawaida hulipwa" pia haifai. Karani anazungumza juu ya madai ya watu wengine, ilhali mwenye bima anasikia juu ya lake.

Kuna jambo moja ambalo hata maafisa wenye uzoefu hulikosea. Barua nyingi za kampuni hubandikwa juu yake maneno ya kisheria ya kwamba imeandikwa bila kuathiri haki za kampuni, na wengine hudhani maneno hayo ni kama chanjo. Kwa asili maneno hayo ni ya mazungumzo ya kutafuta mapatano, ili mtu aweze kupendekeza kiasi fulani bila pendekezo hilo kutumiwa dhidi yake mahakamani. Hayawezi kuifuta ahadi iliyo wazi katika aya ya pili ya barua hiyo hiyo. Barua inayosema juu "haki zetu zimehifadhiwa" na chini "tafadhali endeleeni na matibabu, tutalipa hospitali" ni ahadi. Kinachofaa ni kutaja wazi haki inayohifadhiwa na sababu yake: kwamba kampuni inaendelea kulichunguza dai, kwamba jibu la fomu ya Januari na maelezo ya hospitali havipatani, na kwamba hadi hilo litatuliwe haijakubali wala kukataa.

Haijakubali wala kukataa

Maneno hayo mawili ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana, na hapa ndipo waraka mbaya unapotofautiana na mzuri. Waraka mbaya humwonya karani asiahidi malipo, basi. Karani naye huogopa, na kwa kujikinga huanza kuzungumza kama aliyekwisha kukataa: "Hiyo ni presha ya zamani, mama, sidhani italipwa." Hilo nalo ni kutangaza uamuzi kabla ya uchunguzi, na madhara yake kwa mgonjwa huenda yakawa makubwa zaidi. Familia iliyoambiwa hivyo inaweza kumtoa mgonjwa hospitalini kabla ya wakati, au kukosa kulifuatilia dai lililokuwa halali.

Turudi kwa bwana wetu. Mstari uliosema "miaka minne" ulitoka wapi? Wahudumu wa hospitali wanajua kwamba historia ya mgonjwa wa dharura huandikwa haraka, mara nyingi na daktari kijana aliye zamu, naye huulizia yeyote aliyemleta mgonjwa. Mchunguzi wa kampuni anayejua kazi yake hasimami kwenye mstari huo. Huomba rekodi za zahanati ambako mgonjwa alikuwa akitibiwa, akitumia kibali ambacho mwenye bima alikitia sahihi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Huuliza ni nani hasa aliyesema miaka minne. Huitazama pia fomu ya Januari na kuuliza ni mkono wa nani ulioijaza.

Tuseme anapata haya. Miaka minne iliyopita kazini palikuwa na siku ya kupimwa afya, na bwana huyu alipimwa mara moja akapatikana na shinikizo la 150 juu ya 95. Aliambiwa akapimwe tena zahanati. Alikwenda wiki iliyofuata, akapatikana na 132 juu ya 84, na hakupewa dawa yoyote. Tangu siku hiyo hana rekodi nyingine. Mpwa wake, aliyemfikisha hospitalini usiku ule, alikumbuka habari ya "presha ya kazini" na ndiye aliyemweleza daktari.

Je, mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu alipojibu "hapana"? Kitabibu, kipimo kimoja cha juu hakitoshi. Kipimo cha 140 juu ya 90 au zaidi ndicho kiwango kinachotumiwa na madaktari wengi, lakini huhitajika kirudiwe siku tofauti kabla ya mtu kuambiwa kuwa ana ugonjwa huo, maana hofu, kahawa au kupanda ngazi huweza kukipandisha kwa muda. Bwana huyu alirudia, na cha pili kilikuwa chini ya kiwango. Hakuwahi kutibiwa. Swali la fomu lilikuwa juu ya kuugua na kutibiwa. Jibu lake lilikuwa sahihi, na kampuni haina sababu ya kulikataa dai.

Badilisha jambo moja tu na hukumu inageuka. Kama zahanati ingeonyesha kuwa alikuwa akichukua dawa za presha kila mwezi kwa miaka minne, basi alificha jambo ambalo lingeathiri bei ya bima au uamuzi wa kuikubali. Na kama ingeonekana kwamba alimweleza wakala, naye wakala akaweka alama ya "hapana" ili ombi lipite haraka, pangekuwa na mjadala mwingine mrefu. Mtu asiye na rekodi mkononi hawezi kuyajua haya Jumapili asubuhi. Karani hakuweza, wala mama hakuweza.

Uaminifu huu unaodaiwa katika bima ni wa kale. Mwaka wa 1766 jaji Mwingereza Mansfield aliamua kesi ya Carter, gavana wa ngome moja kisiwani Sumatra aliyekuwa ameiwekea bima dhidi ya adui. Wafaransa waliiteka, naye aliyeuza bima akadai kuwa gavana alimficha udhaifu wa ngome. Kesi hiyo hutajwa hadi leo na mawakili wa kampuni kwa sababu ilieleza wajibu wa mwenye bima wa kusema kweli. Hawana haraka ya kuongeza kwamba mwenye kuuza bima ndiye aliyeshindwa, na kwamba jaji alisema wajibu huo ni wa pande zote mbili.

Kuahidi bila kufungua mdomo

Mwenendo wa kampuni nao unaweza kuzungumza, na waraka makini huugusa. Katika mfano wetu, tuseme uchunguzi unachukua wiki tano, na katikati yake tarehe ya mchango wa mwezi inafika. Tarakilishi ya kampuni inakata pesa benki kama kawaida. Kwa kanuni za kale za bima, kampuni inayojua kuwa ina sababu ya kuuvunja mkataba, kisha ikaendelea kupokea mchango kana kwamba hakuna jambo, inaweza kuhesabiwa kuwa imeamua mkataba uendelee. Idara ya madai imeandika barua zake kwa uangalifu mkubwa, na idara ya fedha imezibomoa bila kujua. Kwa hiyo waraka huagiza kwamba mara dai linaposimamishwa kwa sababu ya fomu ya kuombea bima, idara ya fedha iarifiwe, na mwenye bima aandikiwe waziwazi mchango wake utapokewa kwa msingi gani wakati uchunguzi unaendelea.

Jambo jingine ni barua ya dhamana ambayo hospitali hudai kabla ya kumlaza mgonjwa au kumfanyia upasuaji. Hii si ya kuchezewa maneno. Kampuni ikiiandikia hospitali kwamba itagharimia hadi Sh150,000 za siku tatu za kwanza, hiyo ni ahadi kamili kwa kiasi hicho, na hospitali inatoa huduma kwa kuitegemea. Wataalamu wengi huona kwamba dhamana ndogo yenye mpaka ulio wazi ni bora kuliko barua ndefu yenye utata. Inatakiwa itaje kiasi, siku, na matibabu yanayohusika, na iseme kwamba nyongeza yoyote itahitaji barua nyingine. Nakala yake yafaa apewe mwenye bima pia, kwa sababu mara nyingi hospitali humwambia "bima imekubali" bila kumwonyesha kwamba imekubali siku tatu tu.

Pale waraka unapokoma

Kuna mahali ambapo tahadhari hizi zote hazina nafasi. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 imefanya kuwa kosa kwa hospitali yenye uwezo kukataa kuyatoa. Wakenya hawajasahau yaliyotokea Oktoba 2015, wakati mgonjwa aliyegongwa na gari alipokaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akizungushwa jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na baadaye akafariki. Karani wa bima hana mamlaka ya kusema matibabu yaanze au yasianze. Anapopigiwa simu na hospitali na kuulizwa, "Tuendelee?", waraka mzuri humpa jibu moja: kwamba uamuzi wa matibabu ni wa daktari, na kwamba kampuni inajibu swali la malipo pekee. Asiseme "ngojeni". Neno hilo halimo katika hati yoyote ya bima na linaweza kuua.

Jambo la pili ambalo waraka hauwezi kulihalalisha ni kukaa kimya. Kampuni nyingine hugeuza "dai lako linachunguzwa" kuwa kaburi. Barua ya kwanza hutoka siku ya pili, ya pili haitoki kamwe. Unaweza kutambua uchunguzi wa kweli kwa kusoma barua yenyewe. Uchunguzi wa kweli hutaja stakabadhi inayotakikana, mfano rekodi za zahanati fulani za miaka fulani, na hutaja aliyeombwa na tarehe aliyoombwa. Uchunguzi wa jina tu husema "tunangoja habari zaidi" bila kusema habari gani wala kutoka kwa nani, kisha ukileta stakabadhi moja unaombwa nyingine ambayo ingeweza kuombwa tangu siku ya kwanza.

Ukiipata barua ya aina hii ya pili, jibu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Taja namba ya dai, na uulize mambo matatu tu: ni kifungu gani cha hati ya bima kinachohusika, ni stakabadhi zipi zinazobaki, na uamuzi utatoka tarehe gani. Uliza pia nani atakayelipa gharama za siku zinazoendelea kuongezeka. Kama ulipigiwa simu, andika jina la aliyekupigia, saa na maneno aliyotumia, kisha uyarudishe kwake kwa barua pepe: "Leo saa tano umeniambia kwamba bima iko hai na kwamba malipo hayajaamuliwa. Kama nimekuelewa vibaya, nijulishe." Karani aliyefundishwa waraka hatakasirika kupata ujumbe kama huo. Na yule aliyetamka "hiyo tutalipa" atashtuka, aende kwa mkubwa wake kuuliza, na wewe utajua ukweli Jumapili badala ya siku ya kutoka hospitalini.

Ukiona huridhiki, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, hupokea malalamiko ya wenye bima dhidi ya kampuni. Ipelekee nakala za barua zote kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na fomu uliyojaza ulipokuwa ukiomba bima. Watu wengi hawana nakala ya fomu hiyo, kwa sababu wakala aliondoka nayo siku ile ile. Iombe kampuni sasa, kabla hujaugua, na usome majibu yaliyowekwa alama kwa niaba yako.